Madodoso ya mtandaoni: Hesabu saa zako kabla ya kuhesabu dola

KILA unapofika msimu wa kuuza mahindi, mkulima huwa na fedha mkononi kwa kipindi kifupi. Anauza Julai au Agosti, analipa madeni, anatoa ada ya shule, na kinachobaki anakiweka akisubiri mvua ili anunue mbegu na mbolea. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo ujumbe wa simu unaingia: "Pata dola 20 kwa siku ukiwa nyumbani, jaza madodoso tu." Au, "Tazama video, bonyeza, ulipwe."

Wapo wanaoziita kazi hizi zote utapeli. Wapo pia wanaoapa kuwa zinalipa kuliko shamba. Wote wawili wanakosea. Kuna kampuni halali zinazolipa watu kujibu maswali au kufanya kazi ndogo ndogo kwenye intaneti. Lakini malipo yake ni madogo kuliko tangazo linavyosema, na yana masharti ambayo mtu huyagundua akiwa tayari amekwishatumia saa nyingi na bando la kutosha. Makala haya yanajaribu kuweka hesabu hiyo mezani, kama tunavyoweka hesabu ya ekari moja ya nyanya.

Tuanze na swali ambalo kila mfanyabiashara huliuliza: Nani anatoa fedha, na anataka nini?

Katika dodoso halali, fedha zinatoka kwa kampuni inayotaka kujua jambo kuhusu wateja wake. Mtengeneza sabuni au kampuni ya simu anataka kujua kwa nini watu wananunua bidhaa hii na si ile. Anaipa kazi hiyo kampuni ya utafiti, na kampuni ya utafiti inanunua majibu kutoka kwenye tovuti zilizosajili watu. Kwa hiyo wewe unayejibu si mteja wala mwanachama. Wewe ni muuzaji, na unachouza ni majibu yako.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mnunuzi hahitaji majibu ya kila mtu. Anaweza kutaka watu 400 tu, wenye umri wa miaka 25 hadi 34, wanaoishi mjini, waliofungua akaunti ya benki mwaka huu. Ndiyo maana dodoso huanza na maswali ya kuchuja. Unaulizwa umri, mkoa, kazi, kama una gari, kama unanunua maziwa ya kopo. Ukijibu kwa ukweli kuwa unaishi Ilula na unalima nyanya, baada ya dakika tano au sita unaonyeshwa maneno ya kukushukuru kuwa hukidhi vigezo. Umeenguliwa, na kwa kawaida hulipwi chochote, au unapewa senti moja au mbili za kukupoza.

Kuna sababu ya pili ya kuenguliwa. Hata kama unafaa, idadi inayotakiwa huweza kuwa imejaa kabla hujamaliza. Wenye intaneti ya kasi na kompyuta wanafika kwanza. Wewe mwenye simu yenye mtandao wa kusuasua unakuta mlango umefungwa.

Jambo hili linaeleza kwa nini tovuti zinazosifiwa sana kwenye video za Marekani hazina maana kubwa kwetu. Wanaotoa fedha ni watangazaji wanaotafuta wanunuzi wa Marekani na Ulaya. Baadhi ya tovuti, kama Swagbucks, hupokea watu wa nchi chache tu na Tanzania haimo. Nyingine zinakuruhusu kujisajili, lakini kwa wiki nzima unaona madodoso mawili au matatu.

Wapo wanaoshauri utumie programu za kuficha nchi uliyopo, zile zinazoitwa VPN, ili uonekane uko Chicago. Wapo wanaoshauri udanganye kuwa wewe ni daktari au una kampuni. Ushauri huu ni mbaya hata ukiacha suala la uaminifu. Tovuti hizi huhakiki zaidi mtu anapotaka kutoa fedha kuliko anapozichuma. Wanalinganisha nchi, namba ya simu na akaunti ya malipo. Aidha, ndani ya maswali hutegwa mitego: swali la umri linarudiwa kwa namna nyingine, au unaambiwa "katika mstari huu chagua jibu la tatu" ili ionekane kama unasoma. Anayedanganya hunaswa akiwa amekaribia kiwango cha kutoa, na akaunti hufungwa pamoja na kilichomo ndani.

Aina ya pili ni kazi ndogo ndogo: kusema kama picha ina gari au haina, kunakili namba kutoka kwenye risiti, kusikiliza sauti na kuiandika. Kazi moja hulipwa senti chache za dola. Tovuti ya zamani na maarufu zaidi katika kundi hili ni Amazon Mechanical Turk, iliyoanza mwaka 2005. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa kazi milioni 3.8 zilizofanywa hapo na watu 2,676. Walikuta kuwa ukiwapanga wafanyakazi hao kuanzia wa chini hadi wa juu, yule wa katikati alipata kama dola 2 tu kwa saa. Waliofikia dola 7.25 kwa saa, ambayo ni mshahara wa chini wa serikali kuu ya Marekani, walikuwa asilimia 4 hivi.

Ikumbukwe kuwa wafanyakazi wengi wa tovuti hiyo wako Marekani na India, wana kompyuta na Kiingereza cha kufanyia kazi. Hata hivyo kipato chao kilikuwa hicho. Sababu ambazo watafiti walizitaja ni zile zile ambazo mtu wa hapa atakutana nazo: muda wa kutafuta kazi haulipwi, kazi iliyokataliwa hailipwi, na kazi uliyoianza ukaiacha njiani hailipwi.

Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuchukue mfano wa mkulima wa nyanya ambaye pia ana genge barabarani. Ana simu nzuri na Kiingereza cha sekondari. Anaamua kutumia saa moja kila jioni, siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Jumla ni saa 24. Takwimu hizi ni za mfano, lakini nimeziweka kwa ukarimu kidogo ili nisionekane naonea.

Katika saa hizo anajaribu madodoso 72. Anaenguliwa mara 60, na kila mara amepoteza dakika sita, hivyo saa 6 zimekwenda bure. Anakamilisha madodoso 12 ya dakika 15 kila moja, yaani saa 3, na analipwa wastani wa senti 60. Hiyo ni dola 7.20. Anafanya pia kazi ndogo 120 za senti 4, kila moja ikichukua dakika tano, jumla saa 10. Kazi 15 zinakataliwa, kwa hiyo analipwa 105, sawa na dola 4.20. Saa 5 zilizobaki zimeishia kwenye kujisajili, kutafuta kazi na kusubiri kurasa zifunguke.

Mapato yake ni dola 11.40. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 kwa hesabu nyepesi, ni shilingi 28,500. Wengi huishia hapa, na hii ndiyo namba wanayowasimulia wenzao. Lakini mkulima anajua kuwa bei ya kreti sokoni si faida. Toa bando la shilingi 500 kwa kila jioni, jumla shilingi 12,000. Toa makato ya kuhamisha fedha kutoka kwenye tovuti hadi kwenye simu, na kutoka kwenye simu hadi mkononi, tuseme shilingi 3,500. Kinachobaki ni shilingi 13,000.

Gawanya kwa saa 24. Unapata kama shilingi 540 kwa saa.

Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe. Ikiwa mkulima huyu humlipa kibarua shilingi 7,000 kupalilia kwa saa sita, basi kibarua wake anapata kama shilingi 1,170 kwa saa. Yaani mwenye shamba akiacha kupalilia ili ajaze madodoso, na kumweka kibarua mahali pake, anapoteza zaidi ya shilingi 600 kila saa huku akidhani anaingiza dola. Hii ndiyo sisi wa uchumi wa kilimo tunaiita gharama ya fursa: thamani ya kile ulichokiacha ili ufanye hiki.

Ni haki kukiri kuwa saa zote hazilingani. Saa ya saa moja asubuhi wakati wa palizi si sawa na saa ya saa tatu usiku wakati shamba limelala. Mwenye duka anayekaa mchana kusubiri wateja, saa yake ya katikati ya mteja mmoja na mwingine haina bei kubwa. Kwa mtu huyo shilingi 540 si haba, kwani vinginevyo angekaa tu. Lakini hata yeye aelewe tatizo moja: madodoso mengi yana muda wa mwisho, na ukiinuka kumpimia mteja sukari, ukirudi unaweza kukuta limekwisha. Na mteja akiona unakodolea simu, ataenda duka la pili.

Vivyo hivyo kwa mkulima jioni. Kabla hajaitoa saa hiyo kwa madodoso, ajiulize kama daftari la mauzo limeandikwa, na kama amewapigia simu madalali wawili watatu kuuliza bei ya kesho. Kwa mwenye kreti 30 za nyanya, tofauti ya shilingi 1,000 kwa kreti ni shilingi 30,000. Simu ya dakika kumi inaweza kumpa zaidi ya mwezi mzima wa kujaza madodoso.

Kwa wanaotaka kujaribu, sina sababu ya kuwazuia. Nashauri tu wafanye jaribio kama tunavyojaribu mbegu mpya: kipande kidogo kwanza, na kumbukumbu iandikwe. Kabla ya kujibu swali hata moja, soma ukurasa wa malipo. Angalia mambo mawili: kiwango cha chini cha kutoa, na njia ya kutoa.

Kiwango cha chini ni muhimu kwa sababu tovuti nyingi hazikupi fedha mpaka ufikishe dola 5, 10 au zaidi. Mfano wetu hapo juu, kama kiwango kingekuwa dola 20, mkulima yule angemaliza mwezi bila hata senti mkononi, na bando lake la shilingi 12,000 lingekuwa hasara tupu. Anza na tovuti yenye kiwango kidogo, ukifika toa mara moja, na usiendelee mpaka fedha zifike kwenye simu yako.

Njia ya kutoa ndiyo inayowakwamisha Watanzania wengi. Tovuti nyingi hulipa kwa PayPal. Wenzetu wa Kenya tangu mwaka 2018 wanaweza kuhamisha fedha za PayPal kwenda M-Pesa. Kwa upande wetu, kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Hakikisha kwanza kama unaweza kupokea, kwa jina lako na namba yako. Usikubali kupokelea kwenye akaunti ya mtu wa Nairobi ambaye humjui, kwa ahadi kuwa atakutumia akikata asilimia yake.

Kisha chukua daftari, uandike safu nne: saa ulizotumia, bando, kiasi kilichokubaliwa, na kiasi kilichofika mkononi. Usiandike namba inayoonekana kwenye akaunti ya tovuti, kwa maana hiyo ni mahindi yaliyo shambani bado. Baada ya saa kumi, gawanya. Kama saa moja haijafikia hata nusu ya kile unachomlipa kibarua, acha. Usijidanganye kuwa mwezi ujao utakuwa mzuri zaidi. Idadi ya madodoso yanayokuja nchini haiongezwi na bidii yako.

Jambo jingine ni kuwa kazi hizi hazina kesho. Machi 2024 tovuti ya Remotasks, iliyokuwa na wafanyakazi wengi Kenya wa kuchambua picha na takwimu, iliacha kufanya kazi nchini humo kwa taarifa fupi sana. Waliokuwa wakiitegemea walifungua kompyuta wakakuta hawawezi kuingia. Kwa hiyo hata anayepata vizuri leo asiiweke fedha hiyo kwenye bajeti ya pembejeo wala kuikopea. Iwe fedha ya vocha na sabuni.

Hadi hapa tumezungumzia zile zilizo halali. Hasara kubwa, ile ya kupoteza mtaji wa mbolea, haitoki huko. Inatoka kwa wale wanaojivika vazi la kazi za mtandaoni.

Mtindo wao haubadiliki sana. Unaingizwa kwenye kundi la Whatsapp au Telegram. Unapewa kazi nyepesi, kama kupenda video tatu, na kweli unatumiwa shilingi 2,000 au 3,000. Hiyo ni chambo. Baada ya siku chache unaambiwa kazi zenye malipo makubwa ni za wanachama wa ngazi ya juu, na ili kupanda ngazi uweke shilingi 60,000. Ukiweka unalipwa 2,000 kila siku. Wenzako kwenye kundi wanatuma picha za miamala yao. Unauza gunia jingine, unapanda ngazi.

Fanya hesabu. Watu 100 wakiweka shilingi 60,000 kila mmoja, mfuko una milioni 6. Kuwalipa wote shilingi 2,000 kwa siku ni shilingi 200,000. Bila wanachama wapya, na bila mwenye mpango kuchukua hata senti, mfuko unakwisha siku ya 30, siku ile ile ambayo kila mmoja angekuwa amerudishiwa fedha zake mwenyewe tu. Mwenye mpango akichukua nusu, unakwisha siku ya 15. Ndiyo maana wanakusihi ulete watu. Video unazopenda hazina mnunuzi. Mnunuzi ni mwanachama atakayekuja baada yako.

Tuliwahi kuliona hili. Mwaka 2009 Serikali ilipoizuia DECI, maelfu ya Watanzania walikuwa wamekwisha "panda mbegu", lugha iliyochaguliwa vizuri kwa taifa la wakulima. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL, mpango ambao watu waliweka fedha ili walipwe kwa kutazama vipande vya video kwenye simu. Polisi waliwakamata baadhi ya waliohusishwa nao. Kilichobadilika ni chombo, kutoka foleni ya dirishani hadi skrini ya simu.

Kipimo basi ni kimoja na hakihitaji elimu ya kompyuta. Angalia fedha zinakwenda upande gani. Mwajiri wa kweli hakutozi ili akuajiri, na kampuni ya utafiti haikuuzii dodoso. Ukiombwa kiingilio, fedha ya kupanda ngazi, au ada ya "kufungua" malipo yako yaliyokwama, hiyo si kazi. Ada hiyo ya mwisho ndiyo huwaumiza wengi, kwa kuwa mtu huona shilingi 200,000 zake kwenye skrini na kudhani shilingi 20,000 ni kitu kidogo cha kuzitolea. Hazipo.

Utafiti halali pia hauhitaji namba yako ya siri ya benki ya simu, wala picha ya kitambulisho chako cha taifa itumwe kwenye kundi la Whatsapp. Kwa kulinganisha, utafiti wa Sauti za Wananchi ulioanzishwa na Twaweza mwaka 2013 uliwachagua wenyewe watu wa kuwahoji kutoka kaya mbalimbali, ukawapa simu na chaja za sola, kisha ukawapigia. Aliyehojiwa hakutoa fedha mfukoni.

Wanaotoka vijijini kutafuta fedha kwenye simu si wavivu. Wanatafuta shilingi ya kati ya mavuno na mavuno, na hilo ni tatizo la kweli. Lakini shilingi 540 kwa saa haitanunua mfuko wa mbolea, na shilingi 60,000 iliyowekwa kwenye "ngazi" haitarudi mvua zitakapoanza. Anayetaka kujaribu madodoso ajaribu kwa saa kumi na daftari. Fedha ya pembejeo isiguswe. Ikiwezekana inunue mbolea mapema na ikae stoo, ambako hakuna ujumbe wa simu utakaoifikia.